UCHAMBUZI: Gari lipi linamfaa anayesafiri kila siku kati ya Machakos na Nairobi?

KILA tarehe 14 ya mwezi, maelfu ya Wakenya wanaomiliki magari husubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kuhusu bei mpya za mafuta. Kwa mtu anayeishi mtaa mmoja na ofisi yake, tangazo hilo ni habari kama habari nyingine. Lakini kwa yule aliyehamia Machakos, Thika au Kitengela kwa sababu ya gharama ya ardhi na kodi ya nyumba, ilhali kazi yake imebaki Nairobi, tangazo hilo ndilo huamua iwapo alifanya uamuzi wa busara alipohama.

Wengi wao hawakusahau jinsi petroli ilivyofika Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi kati ya Oktoba na Novemba 2023, miezi michache baada ya ushuru wa ziada ya thamani (VAT) kwa mafuta kuongezwa kutoka asilimia nane hadi 16. Bei ilishuka baadaye, lakini funzo lilibaki. Tangu wakati huo, swali linaloulizwa sana katika yadi za magari si gari lipi linapendeza, bali ni lipi halitamfilisi mwenyewe.

Jibu linalotolewa na wauzaji huwa fupi: nunua haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Kama tutakavyoona, gari hilo hilo linaweza kuwa uwekezaji bora kwa jirani mmoja na hasara kwa mwingine, ingawa wote wawili wanaishi Machakos na kufanya kazi Westlands.

Tuchukue mfano wa karani anayesafiri siku 22 kwa mwezi. Kutoka mjini Machakos hadi Westlands ni takriban kilomita 65. Kwenda na kurudi ni kilomita 130 kwa siku, na kwa mwezi mzima ni kilomita 2,860. Kwa mwaka, gari lake litapita kilomita 34,000.

Safari yake ina sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Sehemu ya kwanza ni kilomita 38 hivi kutoka Machakos, kupitia Kyumvi, Lukenya na Athi River, hadi Mlolongo. Huko gari hukimbia kwa mwendo wa kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa. Sehemu ya pili ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hapo ana chaguo mbili: kubaki katika barabara ya chini, ambako asubuhi magari husogea hatua kwa hatua, au kupanda barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022. Tangu Januari 2024, ada ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ni Sh500 kwa safari moja.

Kabla ya hesabu, kuna jambo moja la kuondoa njiani. Magari mengi yanayoagizwa kutoka Japani huja na sifa ya kwenda kilomita 30 na zaidi kwa lita moja. Takwimu hizo si uongo, ila zilipimwa katika maabara kwa kipimo kiitwacho JC08, ambacho wastani wake wa mwendo ni kilomita 24 hivi kwa saa, na mwendo wa juu kabisa haufiki 82. Hicho si kipimo cha mtu anayekimbia kutoka Lukenya akiwa na kilomita 100 kwa saa. Anayepanga bajeti yake kwa takwimu za aina hiyo atashangaa kabla ya mwezi kuisha.

Basi tutumie makadirio ya kawaida zaidi kwa magari mawili ya ukubwa sawa, kwa mfano Toyota Axio ya injini ya 1500 isiyo haibridi, na Axio ya haibridi. Tuseme ile ya kawaida huenda kilomita 17 kwa lita katika barabara iliyo wazi, na kilomita 10 katika msongamano. Ile ya haibridi tuipe kilomita 21 katika barabara wazi na 20 katika msongamano. Bei ya petroli tuichukue kuwa Sh185 kwa lita. Msomaji anaweza kuibadilisha kwa bei ya mwezi wake.

Kwa nini haibridi haitetereki sana inapoingia katika msongamano? Sababu ni breki. Gari la kawaida likifunga breki, nguvu yote iliyolisukuma hugeuka joto na kupotea. Katika haibridi, mota ya umeme hugeuka jenereta wakati gari linapopunguza mwendo, ikirudisha sehemu ya nguvu hiyo katika betri. Gari linaposimama, injini huzima. Linapoanza kusogea, mara nyingi ni umeme unaolisukuma. Kwa hivyo, kadiri mtu anavyofunga breki mara nyingi, ndivyo gari hilo linavyopata cha kuokoa. Katika barabara wazi ambako mwendo haubadiliki, hakuna breki na hakuna cha kuokoa. Injini ndiyo hufanya kazi karibu yote.

Sasa tuone hesabu. Karani akipita barabara ya chini kila siku, gari la kawaida litakunywa lita 217 kwa mwezi, ambazo ni Sh40,200 hivi. Haibridi itakunywa lita 139, yaani Sh25,700. Tofauti ni Sh14,500 kwa mwezi. Hizo ni pesa za kutosha kulipa karo au kuweka msingi wa nyumba.

Lakini akipanda Expressway asubuhi na jioni, mambo hubadilika. Msongamano ukiondoka, gari la kawaida litakunywa lita 168, sawa na Sh31,100, na haibridi lita 136, sawa na Sh25,200. Tofauti imeporomoka hadi Sh5,900 kwa mwezi. Haibridi ni ile ile na dereva ni yule yule, lakini faida imepungua kwa zaidi ya nusu kwa sababu ya barabara aliyochagua.

Isitoshe, ada ya barabara hiyo kwa safari 44 ni Sh22,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinazidi tofauti yoyote ya mafuta iliyotajwa hapo juu. Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Mwenye gari la kawaida akilipa Sh22,000 hizo, huokoa mafuta ya Sh9,000 hivi, kwa hivyo ada yake halisi ni kama Sh13,000. Mwenye haibridi akilipa kiasi hicho hicho, huokoa mafuta ya Sh500 tu. Yeye hununua muda peke yake. Kwa maneno mengine, haibridi na barabara ya kulipia ni dawa mbili za ugonjwa mmoja, na anayemeza zote mbili hulipa mara mbili.

Hatua inayofuata ni kulinganisha faida hiyo na bei ya kununua. Tuseme haibridi imegharimu Sh250,000 zaidi ya ile ya kawaida ya mwaka ule ule. Anayepita barabara ya chini atarudisha pesa zake kwa miezi 17 hivi. Anayepita juu atasubiri miezi 42, yaani miaka mitatu na nusu. Wakati huo gari litakuwa limeongeza kilomita 120,000 juu ya zile lilizokuja nazo.

Hili la kilomita ndilo linalotufikisha kwa suala la uimara. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa sababu magari ya umri mdogo ni ghali, wengi hununua lile linalokaribia mwisho wa muda huo. Mtu wa safari fupi anaweza kulitumia gari kama hilo miaka 10 bila shida. Msafiri wetu wa Machakos atalizeesha kwa kasi maradufu. Kasoro ambayo kwa mwingine ingejitokeza baada ya miaka mitano, kwake itajitokeza baada ya miaka miwili.

Katika gari la kawaida la siku hizi kutoka Japani, sehemu ya kuchungwa zaidi si injini bali ni gia ya aina ya CVT. Gia hii haina meno ya kubadilishana kama ile ya zamani. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili ambazo hupanuka na kujibana ili kubadilisha mwendo. Mkanda huo hushikwa na puli kwa msuguano, na msuguano huo hutegemea oili maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya CVT.

Tatizo kubwa hapa nchini ni kwamba baadhi ya mafundi hujaza oili ya gia za otomatiki za kawaida, ama kwa kutojua au kwa sababu ni rahisi. Gari halitaharibika siku hiyo. Mkanda utaanza kuteleza kidogo kidogo, ukikwaruza puli, na vumbi la chuma litaenea ndani ya gia. Dereva ataona dalili tatu. Kwanza, gari litatetemeka linapoanza kuondoka. Pili, mlio wa injini utapanda bila mwendo kuongezeka, hasa anapopanda mlima. Tatu, kutakuwa na mvumo mwembamba unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Dalili hizi zikionekana wakati wa kulijaribu gari, mnunuzi aachane nalo, hata likipunguzwa bei.

Kwa anayepita kilomita 34,000 kwa mwaka, oili hiyo inafaa kubadilishwa baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000, yaani baada ya mwaka mmoja hadi miwili hivi, na si kusubiriwa hadi gari lilalamike. Jina la oili inayotakiwa huandikwa katika kitabu cha gari. Fundi anayesema kwamba oili zote ni sawa hafai kukabidhiwa kazi hiyo.

Haibridi ya Toyota pia huitwa CVT katika karatasi za mauzo, na jina hilo limewachanganya wengi. Kwa hakika hakuna mkanda ndani yake. Mota za umeme na injini huunganishwa kwa gia za meno zinazozungukana, ambazo hazina cha kuteleza. Vilevile mfumo huo hauna mota ya kuwashia wala jenereta ya kawaida, vitu ambavyo mafundi wa jua kali hurekebisha kila wiki. Kwa upande huo, haibridi ina vitu vichache vya kuharibika kuliko gari la kawaida.

Udhaifu wake ni betri kubwa iliyo nyuma. Katika Axio ya haibridi, betri hiyo imeundwa kwa seli nyingi zilizounganishwa kwa mfuatano, na joto ndilo adui yake mkuu. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mkoba, au feni ikijaa vumbi la barabara za mashinani, seli huchemka na kufa moja baada ya nyingine.

Kuna njia rahisi ya kuichunguza. Liendeshe gari kwa nusu saa, sehemu ya muda huo katika msongamano, huku ukitazama kipimo cha betri kwenye dashibodi. Betri nzima hupanda na kushuka polepole. Iliyochoka huonekana kujaa ghafla na kuisha ghafla, injini huwaka mara kwa mara hata gari likiwa limesimama, na feni iliyo nyuma huvuma kwa nguvu. Aidha, mwombe muuzaji aifungue feni hiyo uione kabla ya kutoa pesa. Kuisafisha mara moja au mbili kwa mwaka ni kazi ndogo ambayo inaweza kuongeza maisha ya betri kwa miaka.

Mnunuzi wa busara huiweka betri katika hesabu yake tangu mwanzo. Tuseme fundi amemwambia kwamba kuibadilisha kutamgharimu Sh150,000. Anayepita barabara ya chini atakuwa ameokoa kiasi hicho kwa mafuta ya miezi isiyozidi 11. Anayepita juu atahitaji zaidi ya miaka miwili. Akijumlisha na ile tofauti ya bei ya kununua, anaweza kufika mwaka wa sita kabla ya kuona faida, na huenda gari likawa limeuzwa kabla ya hapo.

Jambo la mwisho la uimara ni kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache kwa walaghai. Cheti kinachotolewa Japani gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe nje huwa na usomaji wa kilomita. Mnunuzi akitake, na kama yadi haina, atazame mambo yasiyoweza kurudishwa nyuma: mpira wa kanyagio la breki uliolika, usukani uliong'aa, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango. Gari linalodai kilomita 60,000 halipaswi kuwa na kanyagio lililolika hadi chuma.

Tukifika kwa starehe, wengi hudhani kwamba ni anasa. Kwa anayekaa kwenye kiti saa tatu kwa siku, ni suala la afya na usalama. Dereva aliyeumwa na mgongo au kuchoshwa na kelele huchelewa kuona lori lililosimama gizani karibu na Lukenya.

Hapa ndipo magari madogo sana hushindwa. Vitz ya injini ya 1000 hunywa mafuta kidogo na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, barabara yote hii iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hivyo hapa hubakiwa na kama asilimia 85. Injini ya 1500 haitahisi sana. Ile ya 1000, ikiwa na abiria wanne, italazimika kulia kwa nguvu ili ipite trela mlimani, na wakati huo haitakuwa tena na ule uchumi wa mafuta uliosifiwa. Isitoshe, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika Vitz ni sentimita 251 hivi, ilhali katika Axio ni 260. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini gari refu hutulia zaidi lori linapolipita kwa kasi na kulipiga kwa upepo.

Mnunuzi asitosheke kuzunguka yadi kwa dakika tano. Aombe kuliendesha gari kwa saa nzima, pamoja na kilomita kadhaa za mwendo wa kasi unaoruhusiwa. Aangalie iwapo mapaja yake yanashikiliwa na kiti au yananing'inia, iwapo usukani unaweza kusogezwa hadi mikono isinyooke kabisa, na iwapo anaweza kuzungumza na mwenzake bila kupaza sauti. Aliendeshe pia baada ya jua kutua, kwa sababu taa zilizofifia hazionekani mchana na msafiri wetu atarudi nyumbani gizani karibu kila siku.

Baada ya kununua, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote. Jaza tangi hadi pampu ijifunge, andika kilomita, safiri wiki nzima, kisha ujaze tena katika kituo kile kile. Gawanya kilomita ulizopita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo wiki moja ukipita barabara ya chini na nyingine ukipita juu. Takwimu mbili utakazopata ni zako na ni za barabara yako, na zinafaa kuliko makadirio ya mwandishi huyu au ya muuzaji yeyote.

Basi karani wetu achague nini? Iwapo hawezi au hataki kutoa Sh22,000 za barabara ya kulipia, na atakaa katika msongamano wa Mlolongo kila siku, haibridi ya 1500 ndiyo inayomfaa, mradi betri yake imechunguzwa. Iwapo muda wake una thamani kubwa kiasi cha kulipia Expressway asubuhi na jioni, gari la kawaida la 1500 lenye gia nzima na viti vizuri litamtosha, na zile Sh250,000 zilizobaki zikae benki zikisubiri siku ya matengenezo.

Atakayepita juu asubuhi anapochelewa kazini na kurudi kwa barabara ya chini jioni yuko katikati, na kwake haibridi hurudisha gharama yake kwa kama miaka miwili. Kwa vyovyote vile, uamuzi wa barabara unapaswa kutangulia uamuzi wa gari. Wanaofanya kinyume hununua gari kwanza, kisha hugundua wakiwa Mlolongo kwamba faida waliyoilipia imebaki chini, nao wako juu.